Usajili Umesitishwa na Kuthibitishwa, Kadi Bado Inakatwa: Namna ya Kudai Pesa Zirudi

Mwongozo huu unahusu hali moja tu. Mteja alikuwa analipia huduma ya mtandaoni kila mwezi kwa kadi ya benki, akasitisha usajili wake, akapata uthibitisho wa maandishi kwamba umesitishwa, kisha akakuta kadi yake imeendelea kukatwa. Hatumzungumzii aliyesahau kusitisha, wala aliyefuta programu kwenye simu akidhani usajili umekwisha pamoja nayo. Hao wanaomba hisani, na kampuni inaweza kuikubali au kuikataa. Mwenye uthibitisho haombi hisani. Ruhusa ya kukata kadi aliitoa yeye, akaiondoa yeye, na kampuni yenyewe imeandika kwamba imeipokea taarifa hiyo. Kila shilingi iliyochukuliwa baada ya hapo ni deni ambalo kampuni inadaiwa.

Hata hivyo madai ya namna hii hushindwa mara nyingi, na kwa kawaida hayashindwi kwa kukosa haki. Hushindwa kwa sababu mteja huyaweka makato yote katika fungu moja na kulalamika kwa jumla kwamba "mnaniibia", ilhali kampuni na benki hulichunguza kila kato peke yake: lilitokea lini, lilitokana na nini, na muda wa kulipinga umebaki kiasi gani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kufungua taarifa ya benki, kuandika kila kato kwenye mstari wake pamoja na tarehe, kiasi na jina la mpokeaji kama lilivyoandikwa, kisha kuyatazama moja baada ya jingine kwa kufuata dalili zilizoelezwa hapa chini.

Uthibitisho ulionao unasema nini hasa?

Kabla ya dalili yoyote, usome upya ujumbe wa uthibitisho, maana si kila ujumbe unaokuja baada ya kubonyeza kitufe cha kusitisha unathibitisha kwamba malipo yamesimamishwa. Ujumbe unaosema "tumepokea ombi lako" unathibitisha kupokelewa kwa ombi tu. Ujumbe unaosema "akaunti yako imefungwa" unazungumzia akaunti, na katika mifumo mingine akaunti hufungwa huku mpango wa malipo ukiendelea upande wa pili. Uthibitisho ulio bora ni ule unaosema kwamba usajili hautahuishwa tena, ukataja siku ya mwisho ya huduma, na ukiwa na namba ya kumbukumbu.

Hii haina maana kwamba mwenye ujumbe dhaifu amekosa haki. Tarehe ya kupokelewa kwa ombi bado ni ushahidi kwamba kampuni ilijua nia yake. Lakini ajue mapema kwamba kampuni itaupinga hapo hapo, na akusanye kingine cha kuutia nguvu, kama vile picha ya ukurasa wa malipo ndani ya akaunti unaoonyesha kwamba hakuna tarehe ya kuhuisha. Ujumbe wenyewe uhifadhiwe kama barua pepe kamili iliyo kwenye sanduku lake, pamoja na nakala ya PDF, kwa kuwa picha ya skrini peke yake haionyeshi mtumaji halisi wala saa iliyotumwa.

Dalili: kato moja limeonekana siku chache baada ya kusitisha, kisha kimya

Hapa sababu ya kawaida ni kwamba kato liliidhinishwa kabla ya kusitisha na likaingia kwenye taarifa ya benki baadaye. Malipo ya kadi huwa na tarehe mbili: siku benki ilipoidhinisha na siku muamala ulipokamilishwa. Kati ya hizo zinaweza kupita siku mbili au tatu, na zaidi kidogo ikiwa kuna wikendi. Mteja aliyesitisha tarehe 22 anaweza kuona kato la tarehe 23 ambalo kwa hakika liliidhinishwa tarehe 21. Programu nyingi za benki huonyesha tarehe moja tu. Nyingine ipo, na huduma kwa wateja wataitoa wakiulizwa.

Iwapo uidhinishaji ulitangulia, kato hilo ni la kipindi kinachoanza, na huduma itabaki wazi hadi kipindi hicho kiishe. Unaweza kuomba lirudishwe kwa kuwa hukuitumia huduma, lakini usilitie kwenye madai ya makato ya baadaye, kwa sababu kato moja lisilostahili huipa kampuni nafasi ya kuyatilia shaka yote.

Iwapo uthibitisho ulitangulia, hata kwa saa chache, kato hilo ni la kudaiwa kama mengine. Tahadhari ni moja: mifumo mingi ya malipo huhesabu siku kwa saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Aliyesitisha saa saba usiku wa kuamkia tarehe 21 akiwa Dar es Salaam au Nairobi, kwa hesabu ya UTC amesitisha saa nne usiku wa tarehe 20. Hesabu hiyo inampa mteja nafuu, basi aitaje.

Dalili: makato yanaendelea kila mwezi tarehe ileile, na kampuni inasema haioni usajili wowote

Hii ndiyo hali inayowachosha watu zaidi, kwa sababu pande zote mbili zinaweza kuwa zinasema kweli. Ofisa wa huduma kwa wateja hutafuta kwa barua pepe ya mteja, akaona usajili umesitishwa, akajibu hivyo. Wakati huohuo, mfumo unaokata kadi hautafuti barua pepe. Unafuata rekodi ya malipo yenye namba yake, na rekodi hiyo haikuguswa.

Rekodi ya namna hiyo hubaki hai kwa njia kadhaa. Mteja aliwahi kujiandikisha kwa barua pepe ya kazini na baadaye kwa ya kwake binafsi, akasitisha moja. Au alibadilisha kadi, na mfumo ukafungua rekodi mpya ya malipo bila kuiunganisha na usajili wa zamani. Au alilipia kupitia duka la programu la simu lakini akasitisha kwenye tovuti ya kampuni. Hali hii ya mwisho hutambulika kwa jina lililo kwenye taarifa ya benki: likiwa APPLE.COM/BILL au linaanza na GOOGLE, basi pesa zilichukuliwa na duka la programu. Katika hali hiyo usajili husitishwa kwenye mipangilio ya akaunti ya Apple au Google, na maombi ya marejesho ya Apple hupelekwa reportaproblem.apple.com. Kwa malipo ya Apple, kuilaumu kampuni iliyotengeneza programu kutapoteza wiki nzima, maana yenyewe haina kitufe cha kukurudishia.

Dawa ya jibu la "hatuoni usajili" ni kuacha kubishana juu ya barua pepe na kuipa kampuni vitu ambavyo mfumo wa malipo unavielewa: tarakimu 4 za mwisho za kadi, kiasi kamili katika sarafu iliyotozwa, tarehe ya kato, na jina la mpokeaji kama lilivyoandikwa kwenye taarifa. Kwa vitu hivyo vinne kato linaweza kutafutwa upande wa malipo hata kama barua pepe haioani na chochote. Usitume namba yote ya kadi, wala zile tarakimu 3 za nyuma, hata ukiombwa.

Dalili: kiasi kimebadilika

Tofauti ndogo ya mwezi hadi mwezi kwa anayelipa kwa dola huku akaunti yake ikiwa ya shilingi ni mabadiliko ya kiwango cha kubadilishia fedha, na wakati mwingine ada ya benki juu yake. Kiasi kikubwa kilichotozwa mara moja ni jambo jingine. Mara nyingi ni ada ya kuvunja mkataba wa mwaka mzima unaolipwa kwa mwezi, na hapa lazima mteja arudi kwenye masharti aliyoyakubali siku ya kujiandikisha. Mkataba wa mwaka unaolipwa kwa awamu si sawa na usajili wa mwezi hadi mwezi. Kanuni za kadi zinazomlinda mteja aliyesitisha malipo ya kujirudia hazihusu awamu za deni ambalo tayari amelikubali, na pingamizi lililojengwa juu yake litaanguka. Lakini kama ujumbe wa uthibitisho ulisema wazi kwamba hutatozwa tena, ujumbe huo ndio neno la mwisho la kampuni, na ni halali kuushikilia.

Dalili: umebadilisha kadi na mpya nayo inakatwa

Wengi huamini kwamba kadi mpya ni mwisho wa tatizo. Visa na Mastercard zote zina huduma ya kusasisha taarifa za kadi, ambayo kwayo benki hupeleka namba mpya na tarehe mpya ya kuisha kwa wafanyabiashara waliokuwa na namba ya zamani, ili malipo ya kila mwezi yasikatike. Benki ikiwa imejiunga nayo, kampuni hupata kadi yako mpya bila wewe kuitaja. Kinachotakiwa ni kuiomba benki izuie makato ya mfanyabiashara huyo kwa jina, na kuiuliza wazi kama inaweza kufanya hivyo, maana si kila benki imeweka uwezo huo. Isipoweza, omba kadi mpya ambayo taarifa zake hazitapelekwa kwa wafanyabiashara.

Kuacha kadi bila salio nako si kusitisha. Mfumo wa kampuni utajaribu tena baada ya siku chache, na pesa yoyote itakayoingia inaweza kuchukuliwa.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue mfano wa mwenye duka la uchapishaji mjini Morogoro aliyekuwa analipia programu ya kusanifu picha kwa dola 15 kila tarehe 21, kwa kadi ya Visa ya akaunti yake ya shilingi. Mwezi wa Januari 2025 kadi yake iliisha muda, akaweka mpya kwenye akaunti. Tarehe 9 Machi 2025 alisitisha usajili, na barua pepe ikamjibu kwamba usajili hautahuishwa na huduma itakoma tarehe 21 Machi. Hakuingia tena kwenye programu hiyo. Tarehe 2 Agosti, alipokuwa anapitia taarifa ya benki kwa ajili ya hesabu za duka, akakuta makato matano: ya tarehe 21 ya Machi, Aprili, Mei, Juni na Julai. Jumla ni dola 75.

Jambo la kwanza alilopaswa kufanya lilikuwa kuhesabu siku, na barua ingefuata baadaye. Katika kanuni za Visa, benki iliyotoa kadi ina siku 120 kuanzia siku muamala uliposhughulikiwa ili kufungua pingamizi la usajili uliositishwa, na kila muamala una siku 120 zake. Kwa makadirio ya tarehe 21, siku za kato la Machi zilikwisha tarehe 19 Julai, kabla hata hajaligundua. Siku za kato la Aprili zingekwisha tarehe 19 Agosti, yaani alikuwa na siku 17 tu, na ndani ya hizo benki nayo ilihitaji muda wa kupitia fomu yake. Makato ya Mei, Juni na Julai yalikuwa na nafasi ya kutosha.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoamua mwenendo mzima. Kwa kampuni alipaswa kudai makato yote matano, kwa kuwa kupita kwa siku 120 kunafunga mlango wa benki tu na hakufuti deni. Kwa benki alipaswa kupeleka makato manne, na asingeweza kuiachia kampuni mwezi mzima wa kujibu huku siku za Aprili zikiyoyoma. Akaipa kampuni siku 7.

Barua ya madai

Barua iwe fupi, isiwe na lawama, na kila sentensi iwe na kitu kinachoweza kuhakikiwa. Kwa kampuni ya nje itaandikwa kwa lugha inayotumiwa na huduma yake kwa wateja, lakini mpangilio hauna sababu ya kubadilika. Ya mwenye duka wetu ilikuwa hivi:

> Tarehe 9 Machi 2025 nilisitisha usajili wangu, na siku hiyohiyo mkanithibitishia kwa barua pepe kwamba hautahuishwa na kwamba huduma itakoma tarehe 21 Machi 2025. Nakala ya uthibitisho huo imeambatishwa pamoja na namba yake ya kumbukumbu.
>
> Baada ya uthibitisho huo mmekata kadi yangu inayoishia na tarakimu zilizotajwa kwenye kiambatisho mara tano: tarehe 21 Machi, 21 Aprili, 21 Mei, 21 Juni na 21 Julai 2025, dola 15 kila mara, jumla dola 75. Sijaitumia huduma tangu siku ilipokoma.
>
> Naomba mambo matatu: mrudishe dola 75 kwenye kadi ileile iliyokatwa, mfute rekodi yoyote ya malipo inayohusiana na kadi hiyo, na mnithibitishie yote mawili kwa maandishi, pamoja na namba ya kumbukumbu ya kila rejesho. Nisipopata jibu linalotosheleza ifikapo tarehe 9 Agosti 2025, nitawasilisha pingamizi kwa benki iliyotoa kadi yangu kwa makato ambayo bado yamo ndani ya muda.

Sentensi inayosema kwamba hakuitumia huduma ina uzito mkubwa, na iandikwe tu ikiwa ni kweli. Utetezi wa kwanza wa kampuni mbele ya benki huwa ni kumbukumbu za kuingia kwenye akaunti. Aliyesitisha kisha akagundua kwamba mlango bado uko wazi, akaendelea kufanya kazi zake humo, amewapa kampuni hoja kwamba alipokea kile alicholipia. Ikiwa lazima uingie ili kuchukua faili zako au kupiga picha ya ukurasa wa malipo, fanya hivyo mara moja, na ueleze kwenye barua siku uliyoingia na sababu yake.

Madai yenyewe yawe ya kurudishiwa kwenye kadi. Kampuni nyingi hupenda kutoa salio la kutumia ndani ya huduma yao, jambo lisilo na maana yoyote kwa mtu aliyekwisha kuondoka.

Kampuni imejibu, lakini jibu halimalizi

Jibu la kwanza alilopata lilikuwa lile la kutokuona usajili wowote kwa barua pepe yake. Alipowapa tarakimu za kadi, tarehe na jina la mpokeaji, rekodi ikaonekana: Januari, alipoweka kadi mpya, mfumo ulikuwa umefungua rekodi ya pili ya malipo, na kusitisha kwa Machi kukafunga ile ya kwanza. Walikiri hivyo kwa maandishi. Kisha wakasema kwamba sera yao huruhusu kurudisha mwezi mmoja tu, kwa hiyo watarudisha kato la Julai "kwa nia njema".

Hapa ndipo wengi hukubali na kushukuru. Sera ya marejesho huhusu mteja aliyelipia kwa hiari yake kisha akabadili nia. Haiwezi kuhalalisha kuchukua pesa baada ya ruhusa kuondolewa. Jibu linalofaa ni kupokea kato la Julai na kuandika papo hapo kwamba umelipokea kama sehemu ya deni, na kwamba dola 60 zilizobaki bado zinadaiwa. Usibonyeze kitufe wala kujibu ujumbe unaosema kwamba kwa kupokea kiasi hicho shauri limekwisha, kwa sababu ujumbe huo utawekwa mbele ya benki.

Kwenda benki, na kosa la kuchagua sababu

Tarehe 9 Agosti ikapita, na tarehe 11 akaenda benki. Kwenye dirisha la huduma, swali la kwanza la mhudumu mara nyingi huwa: "Muamala huu unautambua?" Mteja mwenye hasira hujibu kwamba hautambui, mhudumu anajaza fomu ya ulaghai, kadi inafungwa, na shauri limeharibika tangu siku ya kwanza. Ulaghai maana yake ni kwamba mtu usiyemjua ametumia kadi yako. Kampuni itajibu kwa kuonyesha kwamba kadi hiyo iliwekwa na wewe mwenyewe, kutoka kwenye simu au kompyuta yako, na ikalipa bila malalamiko kwa miezi mingi. Yote hayo ni kweli, na benki italifunga faili.

Sababu iliyo sahihi ni malipo ya kujirudia yaliyositishwa. Kwenye Visa ina namba 13.2, na kwenye Mastercard huingia chini ya namba 4853, inayobeba migogoro ya wateja kwa jumla. Mhudumu wa tawi anaweza asizijue namba hizi, lakini kitengo cha kadi makao makuu kinazijua, na kuziandika kwenye fomu hupunguza nafasi ya shauri kupelekwa kwenye fungu lisilo lake. Kwa swali la mhudumu, jibu ni hili: "Kampuni naitambua, usajili nilikuwa nao, niliusitisha tarehe 9 Machi, na makato haya yametokea baada ya hapo."

Kila kato lijazwe kwenye mstari wake. Mwenye duka wetu alijaza matatu: Aprili, Mei na Juni. La Julai lilikuwa limekwisha kurudi, na kulidai tena kungemfanya aonekane anataka kulipwa mara mbili. La Machi lilikuwa nje ya muda. Aliambatisha uthibitisho wa kusitisha, barua yake, na jibu la kampuni linalokiri kosa la rekodi ya pili. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote. Kabla ya kuondoka aliomba namba ya shauri na muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake, maana benki ikichelewesha fomu hadi siku 120 zikapita, muhuri huo unaonyesha kwamba ucheleweshaji haukuwa wake.

Baada ya hapo kampuni hupewa muda wa kujibu, ambao kwa Visa ni siku 30. Inaweza kukubali kwa kunyamaza, au kuleta ushahidi kwamba kusitisha hakukufanyika, kwamba huduma ilitumika, au kwamba pesa zimekwisha kurudishwa. Benki nyingine huweka pesa kwenye akaunti kwa muda wakati shauri linaendelea; pesa hizo zisitumike kana kwamba mambo yamekwisha, kwa sababu zinaweza kuondolewa kampuni ikishinda.

Benki ikikataa au ikikaa kimya

Benki ikikataa, iombe sababu kwa maandishi na nakala ya kile ambacho kampuni imeleta. Ukiona kwamba kampuni imeonyesha rekodi ya kuingia kwenye akaunti ya kabla ya tarehe ya kusitisha, au imeambatisha masharti ya jumla bila kuugusa uthibitisho wake yenyewe, lijibu jambo hilo moja kwa moja na uombe shauri lipitiwe upya.

Benki ikikaa kimya, lalamiko linakuwa juu ya benki yenyewe. Nchini Tanzania, Benki Kuu ilitunga kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha mwaka 2019, na lalamiko hupelekwa kwake baada ya kupitia utaratibu wa ndani wa benki husika. Ndiyo maana ule muhuri na namba ya shauri ni vya lazima. Nchini Kenya, Benki Kuu ya huko inasimamia benki, na ipo Sheria ya Kumlinda Mlaji ya mwaka 2012.

Ndugu walio ughaibuni wana saa tofauti za kuhesabu. Marekani, mwenye kadi ya mkopo anatakiwa kuiandikia benki ndani ya siku 60 tangu itumwe taarifa ya kwanza yenye kato linalopingwa, na muda huo ni mfupi kuliko wa kanuni za kadi. Uingereza, mteja anaweza kuiambia benki yake moja kwa moja kwamba ameondoa ruhusa ya makato ya kampuni fulani, na benki haipaswi kumrudisha kwa kampuni kwanza. Kato linalopita baada ya hapo benki yenyewe inatakiwa kulirudisha.

Pesa zinaporudi

Rejesho la kadi huchukua siku kadhaa za kazi kuonekana. Kampuni ikisema imerudisha na benki ikasema haijaona kitu, iombe kampuni namba ya kumbukumbu ya rejesho, inayoitwa ARN na yenye tarakimu 23. Kwa namba hiyo benki inaweza kulitafuta rejesho ndani ya mfumo wa kadi. Kampuni isiyoweza kuitoa baada ya siku chache huenda haijarudisha chochote.

Kiasi cha shilingi kinaweza kuwa pungufu hata kama dola ni zilezile, kwa sababu rejesho hubadilishwa kwa kiwango cha siku linapoingia. Ada ya benki ya muamala wa fedha za kigeni kwa kawaida hairudi pamoja nalo, na anayetaka kuidai aiandike kwa kampuni kama hasara iliyotokana na kosa lao, akiambatisha mstari wa taarifa unaoionyesha. Kampuni ikirudisha kato ambalo tayari liko kwenye pingamizi, iarifu benki siku hiyohiyo ili iliondoe kato hilo kwenye shauri. Ukipokea mara mbili, moja itaondolewa, na shauri la makato mengine linaweza kuvurugika.

Lililobaki kwa mwenye duka ni kato la Machi, ambalo benki haikuweza kuligusa. Aliiandikia kampuni tena, safari hii akinukuu maneno yao wenyewe kuhusu rekodi ya pili, na kuonyesha kwamba kosa lililozaa kato la Julai, ambalo wamekwisha kulirudisha, ndilo hilohilo lililozaa la Machi. Aliomba barua ipelekwe kwa kitengo cha malipo badala ya ofisa wa kawaida, kwa kuwa ofisa wa kawaida huwa amefungwa na ile sera ya mwezi mmoja. Kampuni ikikataa hata hapo, dola 15 hizo hazina tena njia ya haraka ya kurudi. Kwa sababu hiyo, anayesitisha usajili wowote aifungue taarifa ya benki siku tatu baada ya tarehe yake ya kuhuisha, na mwezi unaofuata aifungue tena.